Dawa Moja, Vichupa Viwili, na Mafuta ya Maumbo Tofauti

Amfoterisini B ni dawa ya zamani. Ilianza kutumika hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1950, baada ya kupatikana kwa bakteria aitwaye Streptomyces nodosus, aliyetoka kwenye udongo wa bonde la mto Orinoko, Venezuela. Huua kuvu wanaovamia ubongo wa watu wenye kinga dhaifu, na huua pia vimelea vya kalaazar vinavyojificha kwenye wengu na ini. Wagonjwa wengi waliopona kwa dawa hii, hata hivyo, waliilipia kwa homa, kutetemeka na kuharibika kwa figo.

Leo hospitali inaweza kuwa na vichupa vya aina mbili vya dawa hii. Vyote vina unga wa njano, na kila kimoja kina miligramu 50 za amfoterisini. Dawa ya kichupa cha kwanza hutolewa kwa kipimo cha takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa siku, na mtengenezaji anaonya kwamba kipimo kisizidi miligramu 1.5. Ile ya kichupa cha pili inaweza kutolewa miligramu 10 kwa kila kilo kwa mkupuo mmoja, na figo zikaumia kidogo kuliko zinavyoumia kwa ile ya kwanza. Molekuli ya dawa ni ileile. Kinachotofautiana ni kile kilichoibeba. Katika kichupa cha kwanza dawa imechanganywa na miligramu 41 za deoksikolati, chumvi ya nyongo inayofanya kazi kama sabuni. Katika cha pili, kinachojulikana kwa jina la AmBisome, imefungwa ndani ya miligramu 349 za mafuta ya aina tatu yaliyochaguliwa kwa makini sana. Deoksikolati ikiingia majini hujikusanya kuwa vidonge vidogo mno viitwavyo miseli. Yale mafuta ya kichupa cha pili hujikunja kuwa viputo vyenye ukuta wa tabaka mbili, navyo huitwa liposomu.

Kwa nini mafuta haya yafanye hivi na yale yafanye vile? Jibu liko kwenye umbo la molekuli, na mtu yeyote anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kulifuata.

Tuanze na lesithini, ile iliyomo kwenye kiini cha yai na kwenye soya. Jina lake la kikemia ni fosfatidilikolini, nayo ni fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfati. Molekuli yake ina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa kina fosfati na kolini, sehemu zenye chaji za umeme, kwa hiyo kinapatana na maji. Mikia ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, mara nyingi kaboni 16 au 18, isiyo na chaji yoyote. Mikia haiyachukii maji kama inavyosemwa mara nyingi. Ni maji yenyewe yanayopenda kushikana, na mkia unapoingia katikati yao unayalazimisha kujipanga kwa namna yasiyoitaka. Njia rahisi ya maji kuepuka usumbufu huo ni kuisukuma mikia yote iende pamoja, mahali ambapo haitayagusa. Hapo ndipo maswali ya umbo yanapoanza, kwa sababu mikia lazima ijifiche, vichwa lazima vibaki nje, na molekuli zote zipangwe bila kuacha mapengo katikati.

Mwaka 1976 Jacob Israelachvili na wenzake John Mitchell na Barry Ninham walitoa hesabu fupi inayokisia mpango utakaotokea. Unachukua ujazo wa mikia, kisha unaugawanya kwa eneo ambalo kichwa kinalikalia kuzidisha urefu wa mkia ulionyooka. Kwa alama ni v/(a × l). Namba inayopatikana inaeleza kama molekuli ni koni yenye kichwa kipana na mkia mwembamba, au ni silinda ambayo juu na chini ni sawa, au ni koni iliyogeuzwa, yenye mikia iliyotanuka chini ya kichwa kidogo.

Mipaka ya namba hiyo haikubuniwa. Fikiria molekuli zimejipanga kuwa tufe, vichwa nje na mikia yote ikielekea katikati, kama vipande vya chungwa vinavyokutana ncha kwa ncha. Ujazo wa tufe ni eneo la uso wake kuzidisha nusu kipenyo, kisha kugawanya kwa 3. Nusu kipenyo hakiwezi kuzidi urefu wa mkia, kwani kikizidi kutabaki shimo katikati, na mafuta hayaachi shimo tupu. Kwa hiyo molekuli inaweza kutengeneza tufe kama namba yake haizidi theluthi moja, yaani 0.33. Hiyo ndiyo miseli. Kipenyo chake huwa kama nanomita 4 au 5, na ndani yake hamna tone la maji, ni mikia mitupu. Namba ikiwa kati ya 0.33 na 0.5, miseli hurefuka na kuwa kama fimbo. Ikiwa kati ya 0.5 na 1, molekuli ni karibu na silinda, na mpango unaoziwezesha kukaa vizuri ni tabaka mbili zilizolaliana, mikia ya tabaka moja ikigusa mikia ya tabaka jingine. Ikizidi 1, mpango mzima unageuka nje ndani, vichwa vikazunguka mifereji myembamba ya maji na mikia ikajaa nje.

Sasa tuweke tarakimu halisi. Mkia wenye kaboni 16 una ujazo wa nanomita za ujazo 0.458 hivi, na ukinyooshwa una urefu wa nanomita 2.17. Kichwa cha lesithini hukalia eneo la nanomita za mraba 0.65. Ukizidisha 0.65 kwa 2.17 unapata 1.41. Lesithini ina mikia miwili, kwa hiyo ujazo wa mikia yake ni 0.916, na ukiugawanya kwa 1.41 unapata 0.65. Namba hiyo iko katikati ya eneo la tabaka mbili, na kweli lesithini hufanya hivyo kila mara inapolowa.

Kisha uukate mkia mmoja. Kichwa hakijabadilika, urefu wa mkia haujabadilika, ila ujazo umepungua nusu. Hesabu inakuwa 0.458 kugawanya kwa 1.41, yaani 0.32. Umevuka mpaka wa theluthi moja. Mafuta yaliyokuwa yakijenga kuta sasa yanajenga miseli, nayo hufanya kazi kama sabuni.

Mkasi wa kukata mkia huo upo kwenye sumu ya nyuki na ya swila. Ni kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2, kinachong'oa mkia mmoja wa lesithini na kuacha kitu kiitwacho lisolesithini. Maabara za Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 ziliona kwamba sumu ya swila ikikutana na lesithini huzalisha kitu kinachopasua chembe nyekundu za damu. Tukiwa na hesabu ya umbo tunaelewa kinachotokea. Ukuta wa chembe nyekundu umejengwa kwa silinda zilizobanana, na molekuli za umbo la koni zikijipenyeza humo huulazimisha ukuta upinde mahali usipotaka kupinda. Zikiwa chache, ukuta unavumilia. Zikizidi, ukuta unatoboka na himoglobini inamwagika. Mwilini madhara hayo hupunguzwa na protini ya damu iitwayo albumini, ambayo huokota lisolesithini na kuishikilia, lakini penye bomba la majaribio lisilo na albumini mchanganyiko mwekundu wa chembe huwa maji mekundu yanayopitisha mwanga ndani ya muda mfupi.

Turudi kwenye zile tabaka mbili. Kipande cha ukuta wa lesithini kikielea majini kina tatizo moja, nalo ni kingo zake. Juu na chini kumefunikwa na vichwa, lakini pembeni pote mikia inachungulia maji. Kipande kikiwa kikubwa, kingo ni ndefu na gharama yake ni kubwa. Kujipinda nako kuna gharama, kwani silinda hazipendi kupindwa, ila gharama hiyo haiongezeki kadiri kipande kinavyokua. Ndiyo maana kipande kinachozidi ukubwa fulani hujikunja chenyewe, kingo zake zikakutana na kutoweka, kikawa kiputo chenye maji ndani na maji nje. Hiyo ndiyo liposomu. Na kuna udogo wa mwisho: kiputo cha lesithini hakishuki kwa urahisi chini ya kipenyo cha nanomita 20 au 25, maana tabaka la ndani linabanwa mno, vichwa vikasukumana huku tabaka la nje likitanuliwa.

Aliyeviona viputo hivi kwa mara ya kwanza na kuelewa alichokuwa akikiona ni Alec Bangham, daktari wa damu aliyekuwa akifanya kazi Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza. Mwaka 1961 yeye na Robert Horne walikuwa wakiijaribu hadubini mpya ya elektroni kwa kudondoshea rangi nzito fosfolipidi zilizokauka. Walichokiona ni mistari ya duara ndani ya duara, tabaka juu ya tabaka. Picha peke yake ingeweza kubishaniwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 1965, Bangham na wenzake walipoonyesha kwamba viputo hivyo hushikilia chumvi ndani na kuiachia polepole mno, jambo lisilowezekana kama si ukuta uliofungika kabisa.

Hadi hapa nimezungumzia fosfolipidi peke yake. Sfingolipidi zina muundo wenye hila kidogo. Kwenye lesithini mikia miwili imening'inizwa kwenye gliseroli, ile ile inayotoka kwenye mafuta yanapopikwa kuwa sabuni. Kwenye sfingolipidi hakuna gliseroli. Kuna molekuli ndefu iitwayo sfingosini, ambayo sehemu yake yenyewe ni mkia mmoja, na mkia wa pili huunganishwa kwa kifungo cha amidi. Ukiweka juu yake kichwa kilekile cha kolini na fosfati unapata sfingomielini, iliyojaa kwenye ala ya mishipa ya fahamu. Kwa hesabu yetu nayo ni silinda, hivyo hujenga tabaka mbili. Tofauti iko kwenye mbano. Mikia ya sfingomielini kwa kawaida imenyooka, bila ule mkunjo unaopatikana kwenye mikia mingi ya lesithini ya mwilini, na kile kifungo cha amidi huwezesha molekuli jirani kushikana. Ukiongeza kolesteroli, inayopenda kujibana kando ya mikia iliyonyooka, ukuta unakuwa mnene na mgumu kuvuja.

Glikolipidi ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi kwamba kuhesabu mikia hakutoshi. Hapa kichwa kimetengenezwa kwa sukari. Ukichukua ule mwili wa sfingosini wenye mikia miwili ukaweka sukari moja juu, unapata serebrosidi. Kichwa ni kidogo, umbo ni silinda, na inakaa kwenye tabaka mbili bila taabu. Endelea kuongeza sukari hadi ya tano, mojawapo ikiwa asidi ya siali yenye chaji hasi, na unapata GM1. Sasa kichwa ni kichaka kipana kinachohitaji nafasi kubwa. Katika hesabu yetu a imeongezeka huku v na l zikibaki vilevile, na namba inashuka chini ya 0.5. Ukiweka GM1 tupu majini, inatengeneza miseli, ingawa ina mikia miwili kama lesithini.

Mwilini GM1 haielei peke yake. Iko kwenye seli za utumbo, imetawanyika kwenye tabaka la nje la ukuta, imezungukwa na silinda nyingi zinazoistahimili. Na hapo ndipo kipindupindu kinapoingilia. Sumu ya bakteria wa kipindupindu ina sehemu tano zinazofanana zilizopangwa kama pete, na kila moja hushika sukari za GM1 moja. Ikishashika, sumu humezwa na seli, na seli inaanza kumwaga chumvi na maji utumboni. Kichwa kipana kinachojitokeza nje ya ukuta ni rahisi kushikwa na anayepita.

Inabidi niseme pia kile ambacho hesabu hii haiwezi. Eneo la kichwa si kitu kilichochongwa kwenye jiwe. Vichwa vyenye chaji husukumana, na ukiongeza chumvi majini msukumano unapungua na vichwa vinasogeleana, hivyo namba inapanda bila molekuli kubadilika hata kidogo. Joto nalo hulegeza mikia ikafupika na kutanuka. Namba inakupa matarajio mazuri kwa mafuta safi ya aina moja. Kwa mchanganyiko, ukweli unapatikana kwa kupima.

Jambo jingine ambalo umbo halisemi ni uimara. Miseli na liposomu zote hushikiliwa na ile nguvu ya maji kuisukuma mikia, na nguvu hiyo hutegemea wingi wa mikia katika molekuli moja. Molekuli ya lesithini yenye mikia miwili ya kaboni 16 hung'ang'ania wenzake kiasi kwamba majini hubaki peke yake zaidi ya mara 10,000 kwa uchache kuliko lisolesithini yenye mkia mmoja wa urefu uleule. Deoksikolati iko mbali zaidi upande wa udhaifu. Haina hata mkia wa kawaida: ni molekuli bapa, upande mmoja unapenda maji na mwingine hauyapendi, na miseli zake ni ndogo na legelege. Zinahitaji deoksikolati nyingi majini ili zisivunjike.

Kwa hiyo fikiria kinachotokea kichupa cha kwanza kinapoingia mshipani. Miligramu 41 za deoksikolati zilizokuwa kwenye mililita chache zinasambaa taratibu kwenye lita tano za damu. Miseli zinasambaratika. Amfoterisini, isiyoyeyuka vizuri majini, inabaki bila mbebaji na inashika chochote chenye mafuta kilicho karibu: chembe za lipoprotini za damu na kuta za seli, zikiwemo za figo. Dawa hii huua kuvu kwa kuishika ergosteroli iliyo kwenye ukuta wao. Seli zetu zina kolesteroli badala yake, ambayo dawa huishika kwa nguvu ndogo zaidi, lakini ikiwa nyingi na huru, nguvu ndogo inatosha kudhuru. Mishipa ya figo inasinyaa, mirija yake inavuja potasiamu na magnesiamu. Ndiyo sababu wagonjwa hawa hupewa lita ya maji ya chumvi kabla ya dawa, huongezewa potasiamu, na hupimwa damu mara kwa mara.

Kichupa cha pili kimejengwa ili hayo yasitokee. Mafuta yake makuu, miligramu 213, ni lesithini ya soya iliyotiwa hidrojeni hadi mikia yote ikanyooka. Mikia iliyonyooka hubanana, na ukuta wake hauanzi kulegea mpaka joto lipite nyuzi 50 hivi, mbali na nyuzi 37 za mwili. Fosfolipidi ya pili, miligramu 84, ina kichwa chenye chaji hasi, na kazi yake ni kushikana na sehemu ya amfoterisini yenye chaji chanya. Ya tatu ni miligramu 52 za kolesteroli, ambayo dawa huishika na kutulia nayo ndani ya ukuta. Watu wengi hudhani dawa imo kwenye maji ya katikati ya kiputo. Hapana, imesimama ndani ya ukuta wenyewe, kati ya mikia. Kiputo kizima hakifiki nanomita 100. Kinapoingia kwenye damu hakivunjiki kwa kuzimuliwa tu, kinasafiri na mzigo wake hadi pale kinapokutana na kuvu au kinapomezwa na seli walinzi.

Na seli walinzi ni habari njema kwa mgonjwa wa kalaazar. Mwili huviona viputo hivi kama takataka za kusafisha, na wasafishaji wakuu ni makrofaji wa ini, wengu na uboho. Vimelea vya Leishmania donovani, vinavyoenezwa na usubi, huishi ndani ya makrofaji haohao. Kiputo kinamezwa na seli ileile yenye ugonjwa.

Kazi ya muuguzi inaeleweka vizuri ukijua haya yote. Tuseme mgonjwa ana kilo 50 na ameandikiwa miligramu 10 kwa kilo. Hizo ni miligramu 500, vichupa 10. Kila kichupa hutiwa mililita 12 za maji safi ya sindano, na mara moja hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 30. Kutikisa huko si desturi tu: unga mkavu umeshikilia viputo vilivyohifadhiwa kwa sukari, miligramu 900 za sukrosi kwa kila kichupa, na maji yanapoingia ni lazima viachane vyote. Mchanganyiko unaotokea ni wa njano wenye ukungu mwepesi unaopitisha mwanga, kwa sababu viputo hutawanya mwanga unaopita. Miseli za kichupa cha kwanza ni ndogo kuliko hizo, na maji yake huonekana angavu. Ukiona vibonge au chembe zinazoelea kwenye kichupa cha pili, endelea kutikisa. Kisha dawa hupitishwa kwenye chujio la mikromita 5 na kuongezwa kwenye dekstrosi ya asilimia 5.

Maji ya chumvi hayaruhusiwi hapa. Dawa huganda ikikutana nayo na kufanya vipande. Mgonjwa aliyekuwa akipewa lita yake ya maji ya chumvi kupitia mpira uleule anatakiwa mpira huo usafishwe kwanza kwa dekstrosi kabla dawa haijapita. Kosa la hatari zaidi, hata hivyo, ni kuvichanganya vichupa. Daktari akiandika tu "amfoterisini miligramu 500" na mfamasia akatoa kile cha deoksikolati, mgonjwa atapewa kipimo kinachoweza kuusimamisha moyo. Inapaswa kuandikwa ni ipi, na kipimo chochote kinachozidi miligramu 1.5 kwa kilo kimsimamishe mtu aangalie jina kwenye kichupa kabla ya kukifungua.

Faida ya mbebaji imepimwa hapa hapa Afrika. Jaribio liitwalo AMBITION lilifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda, kwa watu wenye virusi vya Ukimwi waliopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokokasi. Kundi moja lilipewa dozi moja tu ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Kundi jingine lilipewa amfoterisini ya deoksikolati kila siku kwa wiki moja pamoja na vidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kufikia wiki ya 10, waliofariki walikuwa asilimia 24.8 kwenye kundi la liposomu na asilimia 28.7 kwenye jingine, tofauti ambayo watafiti waliichukulia kuwa dozi moja si duni. Madhara makali yalipungua kutoka asilimia 62.3 hadi 50. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi hiyo moja.

Kwa kalaazar habari si nyoofu hivyo. Nchini India dozi moja ya miligramu 10 kwa kilo iliponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010. Dozi hiyohiyo ilipojaribiwa Ethiopia, waliopona walikuwa wachache mno na jaribio likasitishwa. Katika Afrika Mashariki liposomu huwekewa zaidi wajawazito, wagonjwa mahututi, na wenye virusi vya Ukimwi, na hutolewa kwa siku kadhaa hadi jumla ya miligramu 30 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 50 hivyo ni vichupa 30.

Vichupa hivyo vinatakiwa kukaa mahali pasipozidi nyuzi 25, na visigande. Kalaazar nchini Kenya iko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Marsabit, sehemu ambako kivulini tu mchana joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Joto na unyevu huharakisha jambo lile lile ambalo kimeng'enya cha swila hulifanya kwa sekunde chache: kifungo kinachoshika mkia wa lesithini kinavunjika polepole, na lisolesithini inaanza kujikusanya ndani ya ukuta wa kiputo. Ikiwa kidogo, ukuta unaihimili, kwa kuwa kolesteroli, yenye kichwa kidogo na mwili mpana, huziba nafasi ambayo koni hizo zinaiacha. Ikizidi, kiputo kinavuja. Kwa macho huwezi kuliona hilo kwenye unga mkavu, kwa hiyo kinachoweza kuangaliwa kituoni ni kipimajoto cha stoo na daftari lake.